Mafuta ya Bangi Yaliyoumiza Mapafu

Katikati ya mwaka 2019, hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana waliokohoa, kuhema kwa shida, kutapika na kuwa na homa. Picha za mapafu zilifanana na za nimonia, lakini vipimo havikuonyesha vijidudu. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi kwa sigara za kielektroniki, na mara nyingi katriji zilinunuliwa mitaani. Hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa. Vifo vilikuwa 68.

Chanzo kilikuwa uchakachuaji. Mafuta halisi ya bangi ni mazito na ya bei ghali. Mnunuzi aliigeuza katriji na kutazama povu: likipanda polepole, aliamini mafuta ni safi. Wauzaji wakatafuta kitu cha kuongeza ujazo bila kupunguza uzito huo, wakakipata katika asetati ya vitamini E, ambayo rangi yake pia inafanana na ya mafuta hayo.

Kemikali hiyo hutumika katika vidonge na krimu za ngozi bila madhara haya. Kuivuta ni jambo jingine kabisa. Watafiti waliikuta katika majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliopimwa, na hawakuikuta kwa watu wenye afya waliolinganishwa nao. Inadhaniwa huvuruga utando laini unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Ikichomwa, huweza pia kutoa keteni, gesi yenye sumu.

Mafuta ya nazi na limonini yalionekana kwa mgonjwa mmojammoja tu. Hata hivyo, viungio vingine havijaondolewa lawama.