Jumla Zilizofanana Ndizo Zilizodanganya

Ikifika tarehe 17 ya mwezi, mhasibu wa biashara iliyosajiliwa VAT Tanzania Bara huwa na siku tatu tu. Ritani ya mwezi uliopita inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20, na ndani yake kuna tarakimu mbili zinazoamua kila kitu: kodi ya mauzo, yaani asilimia 18 iliyotozwa wateja, na kodi ya manunuzi, ile ambayo duka lenyewe limewalipa wauzaji wake. Ya pili hutolewa katika ya kwanza, na kinachobaki hupelekwa serikalini.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililofunga mahesabu ya Machi. Rasimu ya ritani inaonyesha kodi ya mauzo Sh 10,800,000, iliyopatikana kwa kujumlisha ripoti za Z za kila siku za mashine ya EFD. Rejista ya mauzo, ambako kila ankara ina mstari wake, inasema 11,070,000. Tofauti ni 270,000.

Wahasibu wa zamani wana mbinu yao hapa: tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda mtu amegeuza tarakimu, akaandika 54 badala ya 45. Na kweli 270,000 inagawanyika. Lakini mbinu hiyo haina msaada mkubwa kwenye kodi ya asilimia 18, kwa sababu 18 yenyewe ni mara mbili ya 9. Kodi ya bidhaa yoyote yenye bei ya mamia kamili itagawanyika kwa 9, iwe kuna kosa au hakuna. Ni afadhali kugawa tofauti kwa 0.18 ili kupata thamani ya mauzo yanayotafutwa. Hapa jibu ni Sh 1,500,000, na katika rejista kuna ankara moja tu ya kiasi hicho: saruji iliyopakiwa jioni ya tarehe 31 Machi, risiti yake ikatolewa asubuhi ya Aprili mosi.

Ni ya mwezi gani? Kodi hufuata tukio linalotangulia kati ya kutolewa ankara, kupokewa malipo na kukabidhiwa mali. Ankara na saruji vyote vilitoka Machi, kwa hiyo rejista iko sahihi na rasimu inapandishwa hadi 11,070,000.

Upande wa manunuzi ulionekana shwari. Ritani 8,316,000, rejista 8,316,000. Wengi wangefunga faili hapo, kumbe jumla hizo zinafanana kwa sababu moja imenakiliwa kutoka kwenye nyingine. Rejista ya manunuzi inapaswa kupimwa kwa karatasi, na njia ya kuipima ni kinyume cha ile ya mauzo. Kwenye mauzo hofu ni kusahau kitu, kwa hiyo mtu huanza na risiti aone kama imeingia rejistani. Kwenye manunuzi hofu ni kuongeza kisichokuwapo, kwa hiyo huanza na mstari wa rejista, akaudai risiti yake.

Mistari mitatu ilikwama. Wa kwanza ni mabati ya Sh 2,000,000 bila kodi. Ankara ilikuja kwa simu, risiti ya EFD ikaja na mzigo, na karani akaandika zote mbili. Namba zake hazifanani, ndiyo maana kutafuta namba zilizojirudia hakukusaidia. Kulisaidia kupanga rejista kwa TIN ya muuzaji na kiasi. Hiyo ni kodi ya 360,000 iliyodaiwa mara mbili.

Wa pili ni rangi ya Sh 1,180,000, bei ambayo tayari ina kodi. Karani alizidisha kwa asilimia 18 akapata 212,400, wakati kodi iliyomo ndani ya bei hupatikana kwa kuzidisha kwa 18 na kugawa kwa 118: 180,000. Zimezidi 32,400.

Wa tatu ni msafirishaji aliyelipwa 590,000. Karani alichomoa humo kodi ya 90,000, ilhali msafirishaji hajasajiliwa VAT na risiti yake haina kodi hata senti. Hapo hakuna cha kudai.

Kodi ya manunuzi ikashuka hadi 7,833,600. Rasimu ilisema duka lilipe 2,484,000. Kiasi halisi ni 3,236,400.

Limebaki jambo moja la mwezi ujao. Ile saruji ya 1,500,000 itatokea tena kwenye ripoti za Z za Aprili, kwa kuwa risiti yake ilitoka huko. Isipoondolewa kwenye jumla ya Aprili, pamoja na maelezo yaliyoambatanishwa na ankara yake, duka litalipa 270,000 zilezile mara ya pili.