Nani Anakumbuka Tarehe ya Kliniki?

Mtoto ametimiza miezi tisa, na wiki hii anatakiwa kupata chanjo yake ya kwanza ya surua na rubela. Baba anajitolea kumpeleka. Muda wa kutoka ukifika, maswali yanaanza: "Mama watoto, kadi iko wapi? Nimvalishe nini? Foleni inaanza saa ngapi?" Akiwa kliniki anapiga simu, maana nesi ameuliza kama mtoto alipata homa baada ya chanjo iliyopita. Jioni baba anaona kwamba leo amefanya kazi yake ya uzazi, na mama anaona kwamba hakupumzika hata kidogo. Wote wawili wanasema kweli.

Kumpeleka mtoto ni kipande kimoja tu cha kazi hiyo. Mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, aliwahoji wake na waume wa ndoa 35, na katika utafiti alioutoa mwaka 2019 aliigawa kazi ya akili nyumbani katika sehemu nne: kuona mapema kinachohitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, kisha kufuatilia kama kimefanyika. Kwenye kuamua, wengi walishirikiana. Lakini kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake, na hizo ndizo sehemu ambazo hakuna anayeziona zikifanyika. Mtu anaweza kuzifanya akiwa ndani ya daladala au akiwa kitandani saa tano za usiku.

Ndiyo maana kugawana kazi kwa kusema tu "mimi nitakusaidia" hakufiki mbali. Anayesaidia hungoja kuambiwa, na anayeambia anabaki na mzigo wa kukumbuka. Saa moja ya kila wiki, mume na mke wakiwa wameketi na daftari moja, ina kazi hasa ya kuitoa orodha iliyo kichwani mwa mmoja na kuiweka mezani mbele ya wote wawili.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kupanga Mbagala. Mke ni muuguzi, anafanya kazi kwa zamu. Mume ni fundi umeme, na kipato chake hupanda na kushuka. Wana watoto wawili, mmoja shuleni na mwingine wa kliniki. Wanakaa Jumapili jioni watoto wakishalala. Wiki ambayo mke ana zamu ya usiku, wanahamishia Jumamosi. Simu zinawekwa kando, isipokuwa ile yenye kumbukumbu za miamala.

Wanaanza na tarehe kabla ya fedha, kwa sababu kila tarehe ina gharama yake. Mke anasoma zamu zake za siku saba. Mume anataja kazi alizoahidi: Jumanne anafunga nyaya kwenye nyumba ya Kigamboni, Alhamisi bado haijulikani. Wanaandika kliniki Jumatano, kikao cha wazazi shuleni Ijumaa, harusi ya binamu mwisho wa mwezi pamoja na mchango wake. Hapo mgongano unaonekana mapema: Jumatano mke anatoka zamu ya usiku, kwa hiyo kumtegemea asimame kwenye foleni ya kliniki asubuhi hiyo hiyo ni kumuonea. Mume anaichukua kliniki.

Kuichukua maana yake ni kuichukua yote. Usiku ule ule anaitafuta kadi, anasoma kilichoandikwa, anamuuliza mkewe kuhusu ile homa, na akirudi Jumatano ni yeye anayeandika daftarini tarehe ya kurudi. Chanjo ya pili ya surua na rubela ni mtoto akifika miezi 18, na kuanzia sasa kuikumbuka ni kazi ya baba. Mke hatakiwi kukumbusha wala kukagua. Akikagua, kazi imemrudia, hata kama aliyebeba mtoto ni mwingine.

Kisha fedha. Hapa wenzi wengi huamini kwamba haki ni nusu kwa nusu, na hesabu huwakatalia. Tuseme mke anapata shilingi 600,000 kwa mwezi, na mume, katika mwezi wake wa kawaida, 400,000. Matumizi ya pamoja, yaani akiba ya kodi, chakula, LUKU, gesi, ada na mshahara wa dada wa kazi, ni 500,000. Wakitoa 250,000 kila mmoja, mke anabakiwa na 350,000 na mume 150,000. Wakitoa kwa uwiano wa kipato, mke anatoa 300,000 na mume 200,000, na kila mmoja anabakiwa na nusu ya alichopata. Kwa kuwa kipato cha fundi hakitabiriki, mchango wake hupangwa kwa kutazama miezi yake mibaya, na mwezi ukiwa mzuri ziada inaingia kwenye akiba ya kodi. Kwa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akiba hiyo ndiyo inayowaepusha na mkopo.

Na asiye na mshahara je? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kesi ile ilitokana na talaka. Ni vizuri zaidi mchango huo uandikwe daftarini ndoa ikiwa hai: saa za kupika, kufua na kulea zikiwa ukurasa mmoja na shilingi.

Kuandika kuna sababu nyingine. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly waliwataka wanandoa 37 nchini Kanada wakadirie kila mmoja anafanya sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Kwa wengi wao, majibu ya mume na mke yakijumlishwa yalizidi asilimia mia. Hawakuwa waongo, bali kila mtu hukumbuka kwa wepesi alichofanya mwenyewe kuliko alichofanya mwenzake. Mabishano ya "mimi ndiye ninayefanya kila kitu" hayaishi kwa kumbukumbu.

Kikao hiki kina njia zake za kuharibika. Ya kwanza ni kugeuka baraza la mashtaka, ambapo sufuria lililoungua Jumatatu linajadiliwa dakika arobaini. Manung'uniko yapewe siku yake, na hapa yaulizwe mawili tu: nini kinakuja, na nani anakibeba. Ya pili ni ya chini chini zaidi. Ikiwa mke ndiye anayeitisha kikao kila wiki, analeta daftari na kusoma orodha, basi kikao chenyewe kimekuwa kazi yake nyingine. Dawa ni kupokezana: wiki hii mmoja anaitisha na kuandika, wiki ijayo mwenzake. Baada ya miezi miwili wayapekue mawasiliano yao ya simu. Kama maswali ya "tununue nini?" na "anatakiwa lini?" bado yanaelekea upande mmoja, kilichogawanywa ni miguu na mikono tu.

Kuna nyumba ambazo daftari halitazifaa. Pale mmoja anapoogopa kutaja mshahara wake kwa sababu utanyang'anywa, au anapopigwa akiuliza fedha zilikokwenda, kumtaka afungue hesabu zake zote mezani ni kumuongezea hatari. Huyo anahitaji kwanza mtu wa kumlinda: ndugu anayeaminika, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.