Vipande na Nakala: Jinsi Elasticsearch Inavyogawa Faharasa

Elasticsearch ni programu ya kutafuta maandishi iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Shay Banon mwaka 2010. Kazi ya kutafuta yenyewe huachiwa Lucene, mkusanyo wa programu ulioanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Lucene hujenga faharasa, yaani orodha ya maneno yote yaliyomo katika hati pamoja na hati zinazotaja kila neno, kama ilivyo faharasa ya nyuma ya kitabu. Tatizo ni kwamba faharasa ya Lucene hukaa kwenye kompyuta moja na haipokei zaidi ya hati bilioni 2 na ushei. Aghalabu hata kabla ya kufika huko, diski huwa imejaa au maswali yameanza kuchelewa. Elasticsearch huigawa faharasa moja kubwa katika faharasa kadhaa ndogo za Lucene, huzitawanya kwenye seva nyingi, na hutunza nakala zake ili seva moja ikizimika kazi isisimame.

Kila faharasa ndogo ya namna hiyo huitwa kipande. Seva inayobeba vipande huitwa nodi, na nodi zinazofanya kazi kwa pamoja ni klasta. Kila kipande kina asili yake, yaani kipande kikuu, na kinaweza kuwa na nakala moja au zaidi. Mfano mmoja utatosha kuonyesha mambo yanavyokwenda: hazina ya makala za gazeti yenye ukubwa wa gigabaiti 90, ikiwa kwenye klasta ya nodi tatu. Faharasa yake iliundwa hivi:

```
PUT /makala
{
  "settings": {
    "number_of_shards": 3,
    "number_of_replicas": 1
  }
}
```

Amri hiyo inaagiza vipande vikuu vitatu, na kila kimoja kiwe na nakala moja. Jumla ni vipande sita vya gigabaiti 30 kila kimoja, kwa hiyo hazina ya gigabaiti 90 inachukua 180. Kila nodi inapata viwili. Nodi ya kwanza inabeba kipande kikuu namba 0 na nakala ya namba 1. Ya pili inabeba kikuu namba 1 na nakala ya namba 2. Ya tatu inabeba kikuu namba 2 na nakala ya namba 0. Elasticsearch haikubali kamwe kuweka kipande kikuu na nakala yake kwenye nodi moja, kwa sababu nakala inayokufa pamoja na asili yake haina kazi. Ndiyo maana anayejaribu programu hii kwenye kompyuta moja huona klasta yake ikibaki na rangi ya manjano daima: nakala imeagizwa, ila hakuna nodi nyingine ya kuipokea.

Namba hizo mbili katika amri zinafanana kwa sura tu. Idadi ya nakala hubadilishwa wakati wowote kwa amri moja, faharasa ikiendelea kutumika. Idadi ya vipande vikuu hufungwa siku faharasa inapoundwa. Sababu yake iko katika namna hati inavyopangiwa kipande. Kila hati ina kitambulisho. Kitambulisho hicho hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu inayokigeuza kuwa namba, na namba hiyo hugawanywa kwa idadi ya vipande. Baki ndiyo namba ya kipande cha hati hiyo. Makala ambayo kitambulisho chake kimetoa 47 hugawanywa kwa 3, hubaki 2, na huwekwa kwenye kipande namba 2. Anapotokea mtu kuiomba, hesabu ile ile hurudiwa na nodi hujua mara moja pa kwenda. Hakuna daftari la kuorodhesha kila hati ilipo, na hilo linaiwezesha klasta kubeba mamilioni ya hati bila kuzihesabu upya.

Lakini vipande vikiongezwa kutoka vitatu hadi vinne, 47 ikigawanywa kwa 4 hubaki 3. Makala iko kwenye kipande namba 2, nayo sasa inatafutwa namba 3, ambako haipo. Kwa badiliko hilo dogo, ni robo moja tu ya hati ambazo baki yake haibadiliki. Robo tatu zote zingelazimika kuhamishwa. Badala ya hekaheka hiyo, Elasticsearch inakataa badiliko lenyewe. Anayetaka idadi nyingine huunda faharasa mpya na kunakili hati zote humo kwa `_reindex`. Ipo pia njia fupi, `_split`, ambayo hupasua kila kipande katika sehemu zinazolingana, kwa mfano kutoka vitatu kwenda sita. Kanuni halisi ya programu ina hatua ya ziada inayoruhusu upasuaji huo, ila faharasa lazima izuiwe kuandikwa kwanza, na kutoka vitatu kwenda vinne haiwezekani hata hivyo.

Kuandika na kutafuta ni safari mbili tofauti. Makala mpya inaweza kupokewa na nodi yoyote, nayo huipeleka kwenye kipande kikuu kinachohusika. Kipande kikuu huiandika kwanza, kisha huituma kwa nakala zake. Aliyeituma hujibiwa pale tu nakala zote zilizo hai na zinazokwenda sambamba na kikuu zinapothibitisha. Nakala ikishindwa kuandika, nodi kiongozi huiondoa kwenye orodha ya nakala zinazoaminika. Orodha hiyo ndogo, ambayo watumiaji wengi hawaijui, ndiyo inayoamua nani atarithi nafasi ya kipande kikuu kilichopotea.

Kutafuta hakuhitaji kipande kikuu. Nakala hujibu sawasawa. Anayetafuta neno “korosho” huulizia vipande vyote vitatu, kila kimoja kupitia asili au nakala yake. Kila kipande hurudisha vitambulisho na alama za hati zake kumi zilizo bora. Nodi iliyopokea swali huchanganya zile 30, huchagua kumi, na ndipo huomba maandishi kamili ya hizo kumi. Hapo panaonekana gharama ya kugawa. Anayetaka ukurasa wa 1,000 wenye matokeo kumi hulazimisha kila kipande kupanga hati 10,000, na nodi moja kuchambua 30,000 ili ionyeshe kumi. Kwa sababu hiyo Elasticsearch, isipoelekezwa vingine, haivuki tokeo la 10,000. Nakala zaidi huongeza uwezo wa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Hazipunguzi kazi ya swali moja.

Faida ya nakala huonekana nodi inapoanguka. Tuseme nodi ya kwanza imekatika umeme. Kiongozi wa klasta, ambaye ni mojawapo ya nodi zenyewe, anaona mawasiliano yamekatika. Kipande kikuu namba 0 kimetoweka, na kwa kitambo kidogo hali inakuwa nyekundu, maana yake kuna data isiyofikika. Kiongozi anapandisha cheo nakala ya namba 0 iliyo kwenye nodi ya tatu iwe kipande kikuu. Hakuna data inayohamishwa katika hatua hiyo, hivyo humalizika upesi na hali inapanda kuwa manjano: data yote ipo, ila kuna nakala zinazokosekana. Kijani hurudi nakala zote zikiwapo.

Kisha klasta inasubiri dakika moja. Ni subira ya makusudi, kwani nodi nyingi huondoka kwa sababu ya kuwashwa upya tu, na ikirudi ndani ya muda huo aghalabu huhitaji kuletewa mabadiliko yaliyoipita peke yake. Dakika ikipita, nakala mpya zinaanza kujengwa: namba 0 inatakiwa kwenda nodi ya pili, na namba 1 kwenda nodi ya tatu. Gigabaiti 60 zitapita kwenye mtandao huku watu wakiendelea kutafuta.

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Kila nodi iliyobaki ina gigabaiti 60 na inatakiwa kupokea 30 nyingine. Ikiwa diski ni ya gigabaiti 100, na mfumo wa kompyuta wenyewe unatumia chache kati ya hizo, nakala mpya ingeifikisha diski zaidi ya asilimia 90. Kwa kawaida Elasticsearch haiweki nakala kwenye diski iliyopita asilimia 85, wala haikubali kipande kitakachoivusha diski asilimia 90. Ikifika 95 huzuia kabisa kuandika kwenye faharasa zilizo na kipande kwenye nodi hiyo. Nakala hazijengwi, na klasta inabaki manjano siku nzima bila kosa lolote kuonekana mahali pengine. Anayetaka kujua sababu huuliza:

```
GET /_cluster/allocation/explain
```

Jibu lake hutaja kila nodi na kwa nini imekataa. Somo la hesabu hii ni kwamba klasta ya nodi tatu yenye diski zilizojaa asilimia 60 haina nafasi ya kupoteza hata nodi moja na kujitibu.

Hali ya manjano isiyoshughulikiwa ina hatari nyingine. Kwa kawaida kipande kikuu kikiwa hai peke yake kinatosha kupokea maandishi. Makala mpya zinaandikwa sehemu moja tu, na aliyezituma anaambiwa zimepokewa. Nodi hiyo ikifa nayo, ile nakala ya zamani iliyo kwenye nodi ya kwanza inaweza kurudi umeme ukirudi, lakini klasta itakataa kuipandisha cheo, kwa kuwa haimo tena kwenye orodha ya zinazoaminika. Itabaki nyekundu. Msimamizi anaweza kulazimisha, ila amri yenyewe inamtaka aandike `accept_data_loss`, yaani akiri kwa mkono wake kwamba anakubali kupoteza data. Isitoshe, klasta ya nodi tatu ikibaki na moja haiwezi kuchagua kiongozi, kwani kiongozi huhitaji wingi wa kura za nodi, na kura moja kati ya tatu si wingi.

Kuhusu ukubwa, kipande cha gigabaiti 10 hadi 50 hufaa kazi nyingi. Makosa ya kuzidisha vipande ni ya kawaida kuliko ya kupunguza. Kabla ya toleo la 7.0 la mwaka 2019, faharasa iliyoundwa bila maelekezo ilipewa vipande vitano. Tangu hapo hupewa kimoja. Ofisi iliyounda faharasa mpya kila siku kwa ajili ya kumbukumbu za mfumo wake ilimaliza mwaka ikiwa na vipande vikuu 1,825, na 3,650 pamoja na nakala, vingi vikiwa na megabaiti chache tu. Kila kimoja kinakula kumbukumbu ya nodi na kumwongezea kiongozi mzigo hata kama hakuna anayekiulizia. Siku hizi klasta hukataa kuunda vipande vipya vikizidi wastani wa 1,000 kwa nodi, kwa hiyo klasta ya nodi tatu ingegoma kabla mwaka huo haujaisha.

Nakala hulinda dhidi ya seva kufa, hazilindi dhidi ya amri mbaya. Msimamizi akifuta faharasa ya makala, vipande vikuu na nakala zake hufutwa pamoja. Kinachoweza kuirudisha ni hifadhi iliyochukuliwa kwa `_snapshot` na kuwekwa nje ya klasta.