Gauni Namba 14 ni la Nani?

Anayeuza mitumba laivu ana shida asiyokuwa nayo muuza vitenge: kila nguo aliyonayo ni moja tu. Wateja watano wakiandika "langu" kwa wakati mmoja, wanne watakosa, na muuzaji asipojua nani alitangulia atagombana na wote. Kwa hiyo maandalizi huanzia kwenye namba.

Tuseme una magauni 30 na unaingia laivu Instagram saa 2 usiku. Kila gauni libandike namba kubwa. Daftarini andika namba hiyo, bei, kifua, kiuno, urefu kwa inchi, na dosari kama ipo. Usitegemee saizi ya lebo, maana 12 ya Uingereza si 12 ya Marekani, na zote mbili huja katika belo moja.

Siku moja kabla, fanya mazoezi kwa laivu ya Close Friends, ndugu yako akitazama chumba cha pili. Akuambie kama namba zinasomeka au zimegeuka kinyume kama kwenye kioo, na kama feni inameza sauti. Mwombe aandike komenti mara tu anapoona gauni. Utagundua inakufikia baada ya sekunde kadhaa. Ukiliondoa gauni haraka, anayelitaka atakuwa bado anaandika.

Dakika za mwanzo watu ni wachache, basi anza na magauni ya shilingi 10,000. Mazuri zaidi yasubiri watazamaji waongezeke, nayo uyachanganye na ya kawaida. Mawili yabakize mwisho, na uwaambie watu mapema kwamba yapo.

Bei itaje kwa sauti. Ile tabia ya kumjibu mteja "njoo inbox" inafukuza wanunuzi, kwa kuwa wengi hawaji. Dosari nayo isogeze karibu na kamera. Doa lililoonyeshwa halirudishi gauni.

Komenti zishikwe na msaidizi, wewe ushike nguo. Kanuni itangazwe tangu mwanzo: andika "nachukua" na namba. Anayetangulia kuonekana kwenye simu ya msaidizi ndiye mwenye gauni, wa pili anaandikwa chini yake. Mtukanaji azuiwe kimyakimya, usimjibu hewani.

Mauzo mengi hufia hapa, kati ya "nachukua" na pesa. Bandika Lipa Namba juu ya komenti na toa dakika 20. Zikipita, gauni liende kwa wa pili, na msaidizi amjulishe papo hapo. Picha ya ujumbe wa muamala si malipo, kwani hutengenezwa. Hakikisha pesa imeingia kwenye akaunti yako. Jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo mteja atume faraghani, na nauli ya bodaboda mkubaliane kabla hajalipa. Kama huna wa kukusaidia, peleka magauni 10 tu kwa usiku mmoja.