Video za kompyuta: Sauti ya chumba inavyoumbua picha nzuri

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka kadhaa video zilizobuniwa na kompyuta zilikuwa karibu zote bubu, na aliyezitengeneza alilazimika kutafuta sauti kwingine na kuzibandika mwenyewe. Hali hiyo ilibadilika Mei 2025, kampuni ya Google ilipotangaza Veo 3, programu inayotoa picha pamoja na sauti yake kutokana na maelekezo ya maandishi, kwa vipande vya sekunde 8.

Tangu hapo tatizo limehamia mahali pengine. Watu wengi huandika mistari kumi kuhusu mwanga, mavazi na mwendo wa kamera, kisha kuhusu sauti huandika neno moja, au hawaandiki lolote. Kompyuta isipoelekezwa hujaza nafasi kwa kubahatisha, na mara nyingi inachobahatisha ni muziki.

Katika filamu, sauti zisizo za mazungumzo wala muziki zinaweza kugawanywa katika tabaka tatu. La kwanza ni sauti ya mazingira, kama vile mvua, magari ya mbali au soko. La pili ni sauti za vitendo, yaani nyayo, mlango au kikombe kinachowekwa mezani, ambazo watengenezaji filamu huziita foli kwa kumkumbuka Jack Foley, fundi wa studio za Universal huko Marekani, aliyekuwa akizitengeneza kwa mikono na miguu yake huku akitazama picha.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ni sauti ya chumba. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Kila kimoja kina mvumo wake unaotokana na ukubwa wake, sakafu, mapazia, feni na kile kinachopenya kutoka nje. Ndiyo maana fundi wa sauti, kabla ya kufungasha vifaa, huwaomba watu wote wanyamaze kwa nusu dakika au zaidi ili anase ukimya wa mahali hapo. Ukimya huo ndio utakaotumika kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Tuchukue mfano wa video fupi ya mandhari matatu. Ni jioni ya mvua, katika kibanda cha fundi cherehani chenye paa la mabati. Mandhari ya kwanza ni nje, mtaani. Ya pili ni ndani, fundi akishona. Katika ya tatu mteja anaingia, fundi anaacha kushona na wanasalimiana.

Kwa mandhari ya nje, anayeandika "sauti ya mvua yenye huzuni" amekosea mara mbili. Huzuni haina sauti, hivyo kompyuta itaitafsiri kwa kinanda au zeze. Na mvua peke yake haisikiki. Kinachosikika ni kile inachokipiga. Aandike basi kwamba mvua inapiga mabati kwa juu, maji yanadondoka kutoka kwenye mfereji wa paa hadi ndani ya ndoo ya plastiki iliyo karibu, na magari yanapita mbali kwenye lami iliyolowa. Hapo kila sauti imepewa chanzo, kitu inachokigusa na umbali wake.

Vitu vitatu au vinne vinatosha kwa sekunde 8. Vikizidi hapo, baadhi humezwa na vingine, na matokeo yake huwa kishindo kisichotambulika.

Mandhari ya ndani ndiyo yenye kazi kubwa. Mvua ni ileile, lakini aliye chini ya paa huisikia nzito na karibu zaidi, ilhali magari husikika kwa uvivu nyuma ya mlango uliofungwa. Chumba ni kidogo, sakafu ni ya saruji, na nguo zilizotundikwa ukutani humeza mwangwi. Yote hayo yaelezwe. Kisha kije kitendo, kikiwa na mpangilio wa wakati. Kwa kuwa programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, maelekezo yanaweza kuandikwa hivi:

```
Audio: heavy rain on a tin roof, heard from inside.
Small room, cement floor, muffled traffic outside.
Treadle sewing machine runs for three seconds, then stops.
No music. No voices.
```

Hapo fundi ametajiwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, si "cherehani" tu, kwa sababu ile ya umeme huvuma na hii hugonga. Ameelezwa pia kwamba inafanya kazi kwa sekunde tatu, kisha inasimama. Mstari wa mwisho unakataza muziki na sauti za watu. Baadhi ya programu zina nafasi ya pekee ya kuandika mambo yasiyotakiwa. Humo hutajwa kitu chenyewe, yaani "music", bila neno la kukataza.

Cherehani inaposimama ndipo udhaifu hujitokeza. Mandhari ya pili na ya tatu ni chumba kilekile, lakini kompyuta imeyatengeneza mbalimbali, na kila mara hubuni chumba upya. Mvua ya kipande cha pili inaweza kuwa nyepesi, ya tatu ikawa kama maporomoko. Picha zikiunganishwa, jicho halioni kasoro, ila sikio hushtuka kana kwamba mtu amefungua dirisha ghafla.

Kulitambua hilo si kazi ngumu. Mtu avae vipokea sauti vya masikioni, afumbe macho na kusikiliza. Akiweza kutaja pale picha ilipokatwa bila kuiona, chumba kimebadilika. Kipimo hicho humsaidia hata mtazamaji aliyetumiwa video ya kutilia shaka katika simu: mvumo unaoruka kila baada ya sekunde chache katika tukio linalodaiwa kuwa moja ni sababu ya kuuliza maswali. Hata hivyo, kutoruka si ushahidi wa ukweli, kwa kuwa mhariri hodari huuficha mruko huo.

Tiba ya kwanza ni kurudia maelezo ya chumba neno kwa neno katika kila mandhari ya chumba hicho. Hupunguza tofauti, lakini haiiondoi.

Tiba ya pili, ambayo ndiyo ya uhakika, ni kuiga yule fundi anayewanyamazisha watu. Itengenezwe mandhari ya nne ambayo haitaonyeshwa: chumba kitupu, mvua juu ya bati, hakuna mtu wala kitendo. Picha itupwe, sauti ibaki, na itandazwe kwa kiwango cha chini chini ya mandhari ya pili na ya tatu kwa mfululizo. Kwa kuwa ni ya sekunde 8 tu, italazimu kurudiwa, na miunganiko ififishwe kwa kuingiliana. Ichaguliwe sehemu isiyo na tone la pekee wala honi, kwani honi inayolia kila baada ya sekunde saba huwa kituko.

Linabaki suala la vitendo kwenda sambamba na picha. Mteja akiweka kitambaa mezani, sauti ikitangulia hata kwa fremu moja au mbili, mtazamaji huanza kuhisi kasoro. Ikichelewa kwa kiasi hicho husamehewa, kwa sababu hata katika maisha mwanga hutufikia kabla ya sauti. Kwa hiyo kama kompyuta imekosea, ni afadhali mhariri aisogeze sauti nyuma kidogo kuliko kuiacha mbele. Ikishindikana, aizime sauti hiyo moja, achukue kitambaa halisi, akiangushe juu ya meza mbele ya simu na kuirekodi.