Sekunde 8 Kati ya Taa na Dari

Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777-300ER ya Singapore Airlines iliyotoka London kwenda Singapore ilikuwa juu ya kusini mwa Myanmar, kwenye kimo cha futi 37,000. Ndani mlikuwa na abiria 211 pamoja na marubani na wahudumu 18. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa nne na dakika 49 asubuhi. Wachunguzi wa ajali huandika kwa saa ya kimataifa, na kwa saa hiyo ndege ilianza kutetemeka kidogo saa 07:49:21. Ilipofika 07:49:32, kinasa sauti cha marubani kilimnasa mmoja wao akisema taa ya mikanda imewashwa. Saa 07:49:40 wote waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa juu.

Kati ya taa na dari, basi, zilipita sekunde 8. Aliyekuwa kitini na mkanda mapajani aliweza kuubana kwa sekunde 2. Aliyekuwa chooni hakuweza. Mhudumu aliye na toroli la chakula naye anapaswa kulifunga breki, kulirudisha jikoni na kulifungia mahali pake, kisha akakae kwenye kiti chake cha kukunja na kuvaa mikanda ya mabegani. Sekunde 8 hazimfikishi hata jikoni.

Siku ile magazeti mengi yaliandika kwamba ndege iliporomoka futi 6,000. Rekodi za ndege zinasema vingine. Hewa iliyokuwa ikipanda iliisukuma ndege hadi futi 37,362, kisha ikashuka hadi 37,184 kwa muda wa sekunde 4.6. Hizo ni futi 178, takriban mita 54. Zile futi 6,000 zilitokana na mteremko wa kawaida kuelekea futi 31,000, ambao marubani waliuanza wenyewe dakika 17 baadaye, walipokwisha kuamua kutua Bangkok.

Mita 54 zaweza kuonekana ndogo mno kwa madhara yaliyotokea. Jiwe lililoachiwa lianguke kwa sekunde 4.6 lingeshuka zaidi ya mita 100. Kilichoumiza watu ni ghafla yake. Tukisimama ardhini tunahisi mvutano tunaouita 1 G, yaani uzito wetu wa kila siku. Katika ndege ile kipimo kilitoka 1.35 G hadi kasoro 1.5 G ndani ya sekunde 0.6. Alama hiyo ya kasoro ina maana kwamba ndege ilikuwa ikikimbia chini kwa kasi inayoongezeka haraka kuliko mwili unavyoweza kuanguka wenyewe. Abiria hakuinuliwa na chochote. Dari ndiyo iliyomshukia. Kwa kiwango hicho, umbali wa mita moja kati ya kichwa na kabati la mizigo huisha kwa chini ya nusu sekunde. Halafu ndani ya sekunde 4 kipimo kikarudi 1.5 G, na kila aliyekuwa hewani akaanguka akiwa mzito kuliko kawaida yake: juu ya sehemu ya kuwekea mkono, juu ya toroli, juu ya jirani.

Ndiyo maana majeraha ya msukosuko wa hewa huwa na sura yake. Pigo la kupanda hupasua ngozi ya kichwa na kuikunja shingo. La kushuka hubana pingili za mgongo na kuvunja vifundo vya miguu. Siku mbili baadaye, hospitali moja ya Bangkok iliyopokea majeruhi wengi ilitaja watu 22 wenye majeraha ya mgongo au uti wa mgongo, na 6 wenye majeraha ya fuvu na ubongo. Abiria mmoja, mzee wa miaka 73, alifariki, na mamlaka zilisema huenda ni moyo.

Kinasa data kinajua yote haya kuhusu ndege, lakini ya watu hakiyajui. Hakijui nani alikuwa amesimama, nani alifunga mkanda kwa kulegea, wala nani aliacha kuhisi vidole vyake. Hayo yanapatikana mahali pamoja tu, kwenye ripoti ya mhudumu, inayoandikwa na mtu ambaye mara nyingi naye ametoka kuumia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kurasa hizo. Mhudumu anaandika kwamba alisikia mlio wa taa akiwa safu ya 34, akatangaza mikanda kwa sauti bila kipaza, na pigo likaja kabla hajageuka. Mwanamke wa kiti 34C aligonga paneli ya dari ikapasuka, akaanguka kwenye njia ya kati. Alikuwa na fahamu, akitokwa na damu nyingi kichwani na akilalamika shingo. Hakuinuliwa. Mhudumu alimwambia asigeuze kichwa, akakishika kwa mikono miwili, kisha blanketi zilizokunjwa zikawekwa huku na huku. Kitambaa safi kilikandamizwa juu ya kidonda, kwa uangalifu, maana chini yake huenda fuvu limepasuka. Aliulizwa jina lake, ndege inakwenda wapi, na kama anahisi vidole vya mikono na miguu. Alijibu kwamba mkono wa kushoto una ganzi. Baada ya dakika 10 akaulizwa tena, na majibu yakaandikwa na saa yake.

Neno "ganzi" lina thamani zaidi kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya hofu. Daktari wa uwanjani anapopanda anataka kujua kama ganzi ilianza mara moja au imeenea tangu pale, na kama mgonjwa ametapika, amechanganyikiwa au amesinzia isivyo kawaida. Anataka kujua dawa gani alipewa na nani aliitoa, kwa sababu sanduku kubwa la dawa kwa kawaida hufunguliwa kwa ajili ya daktari aliyejitokeza miongoni mwa abiria, naye hutajwa kwenye ripoti. Aliyemwagikiwa chai ya moto ana swali lake: kidonda kilipozwa kwa maji kwa muda gani? Dakika 20 ndizo zinazotakiwa, na matangi ya ndege hayakuundwa kwa watu watano wa namna hiyo kwa pamoja.

Penye shida ni saa. Ukimuuliza mtu aliyerushwa darini, atasema taa iliwaka wakati uleule wa pigo, au haikuwaka kabisa. Hasemi uongo. Alikuwa akimimina kahawa, na hakuna anayetazama saa akimimina kahawa. Binafsi naiamini zaidi ripoti inayosema "nilisikia mlio, sijui ni muda gani kabla" kuliko ile iliyojaza dakika kamili kisanduku kisibaki tupu. Wachunguzi watazipata sekunde kwenye kinasa. Wanachomhitaji mhudumu awaambie ni kilichokuwa kikifanyika katika sekunde hizo: toroli ngapi zilikuwa nje, vyoo vipi vilikuwa na watu, na kama tangazo lilisikika huko nyuma.

Swali la toroli lilizaa matunda. Baada ya safari ile Singapore Airlines ilibadili utaratibu: taa ya mikanda ikiwaka, chakula nacho kikawa kinasimamishwa, wakati hapo awali vilisimamishwa vinywaji vya moto tu. Taa hiyo, hata hivyo, inategemea rubani kuona kitu mbele. Wachunguzi walisema huenda ndege ilikuwa ikipita juu ya mawingu ya mvua yaliyokuwa bado yanakua. Rada ya hali ya hewa huona vizuri matone ya maji. Vilele vya mawingu vyenye chembe kavu za barafu huviona kwa udhaifu. Mawingu ya aina hiyo hukua haraka katika ukanda wa tropiki, na anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Mwanza wakati wa mvua huwa jirani nayo.

Wahudumu ndio wanaoumia zaidi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipochunguza ajali za msukosuko za mashirika ya ndege ya huko kati ya 2009 na 2018, ilikuta takriban 8 kati ya kila majeruhi 10 wa majeraha makubwa ni wahudumu. Kwa kanuni za anga za kimataifa, mfupa uliovunjika unatosha kulifanya tukio liitwe ajali, isipokuwa mpasuko mdogo wa kidole au pua. Kulazwa zaidi ya saa 48 nako kunatosha, mradi kulazwa huko kuanze ndani ya siku 7. Kwa hiyo mhudumu aliyeandika "kifundo kimevimba kidogo, naweza kutembea" anaweza kupigwa picha ya eksirei kesho yake, na faili la safari yake likahama meza. Na ndiyo sababu ya kuchukua namba za simu za abiria wote waliogonga kitu, hata wanaoshuka kwa miguu yao wakisema hawajambo.