Kabla Hujaifuta Programu Inayogoma Kufunguka

Machi 22, 2021, watumiaji wengi wa simu za Android walikutana na tatizo moja. Unagusa alama ya Gmail, ukurasa unachungulia mara moja, kisha unatoweka. Unajaribu tena, unatoweka tena, halafu unatokea ujumbe kwamba Gmail "keeps stopping", yaani kila ikifunguliwa inasimama. Programu nyingine kadhaa zilikuwa zikifanya vivyo hivyo saa hizo hizo.

Linalomjia mtu haraka ni kuifuta programu na kuiweka upya. Siku ile dawa hiyo haikugusa ugonjwa, kwa kuwa kosa halikuwa la Gmail. Ndani ya simu kuna kijenzi kiitwacho Android System WebView, ambacho huziwezesha programu kuonyesha kurasa za intaneti bila kukufungulia kivinjari. Programu nyingi hukitegemea, kama nyumba kadhaa zinavyochota maji kwenye bomba moja. Google ilieleza baadaye kwamba hitilafu ilikuwa kwenye mfumo unaotuma mipangilio ya WebView na Chrome kupitia intaneti. Ndiyo maana hata mtu ambaye hakuwa amegusa chochote kwenye simu yake aliathirika. Tiba ilikuwa kuingia Play Store na kusasisha WebView pamoja na Chrome.

Ujumbe ule, basi, hukutajia programu iliyoanguka, lakini haukuambii nani kaiangusha. Programu ikifika mahali ambapo haijui iendeleeje, Android huizima ili simu nzima isikwame. Ikianguka tena na tena, ndipo huandikiwa "keeps stopping".

Kwa hiyo anza kwa kuuliza: ni programu moja tu inayogoma, au ni nyingi? Zikiwa nyingi kwa wakati mmoja, shuku kile zinachokitumia kwa pamoja. Zima simu na kuiwasha. Angalia kama nafasi ya kuhifadhi imejaa, maana programu isiyopata pa kuandika inaweza kuanguka. Kisha tafuta Android System WebView na Chrome katika Play Store uzisasishe zote mbili. Katika Android 7 hadi 9, Chrome yenyewe ndiyo kwa kawaida hufanya kazi ya WebView, kwa hiyo usiiruke.

Ikiwa ni moja tu, ingia Play Store uisasishe. Usipokuta toleo jipya, soma maoni ya watumiaji ukianza na ya karibuni zaidi. Ukikuta wengine wanalalamika leo hii kwamba haifunguki, jua kwamba toleo lenyewe lina kasoro na simu yako haina hatia. Hapo subiri marekebisho ya watengenezaji, na kwa muda huo tumia tovuti ya huduma hiyo kupitia kivinjari kama ipo.

Wengine wakiwa hawalalamiki, huenda kilichoharibika kimo ndani ya simu yako. Programu inapoamka husoma kwanza vitu ilivyojiwekea, na faili moja lililoharibika linatosha kuiangusha kabla hujaona chochote. Bonyeza alama yake kwa muda, chagua "App info", kisha sehemu ya hifadhi. Utakuta vitufe viwili vinavyokaa karibu lakini vyenye kazi tofauti kabisa.

"Clear cache" huondoa vitu vya muda tu, kama picha zilizopakuliwa ili kurasa zifunguke upesi. Hupotezi kitu cha maana, kwa hiyo anza na hicho, kisha ufungue programu uone.

"Clear data", ambacho kwenye simu nyingine huandikwa "Clear storage", huirudisha programu ilivyokuwa siku ilipowekwa. Kwa Gmail madhara ni madogo, kwa sababu barua zilizokwisha kutumwa na kupokewa zimo kwenye kompyuta za Google. Kwa WhatsApp ni jambo zito: mazungumzo hukaa kwenye simu yako, na ukifuta data bila kuwa na nakala, hayarudi. Na kwa kuwa programu yenyewe haifunguki, huwezi tena kuiagiza itengeneze nakala, hivyo tegemeo lako ni ile iliyohifadhiwa kabla ya tatizo. Kuiondoa programu nzima nako kuna hatari hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, kufuta data na kuondoa programu viwekwe mwisho, baada ya kuwasha upya, kusasisha, kusoma maoni na kusafisha vitu vya muda. Mtu aliyesasisha WebView na Chrome kufuatia hitilafu ile ya Machi 2021 aliikuta Gmail yake ikifunguka, naye hakuwa amefuta chochote.